Matone Mawili, Dakika Mbili: Sukari na Maumivu ya Mtoto Mchanga

Mtoto anayezaliwa katika kituo cha afya cha Afrika Mashariki huanza kuchomwa siku ile ile anayofika duniani, kwa kuwa hupata sindano ya vitamini K pajani na baadaye chanjo ya BCG mkononi. Naye aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi huchomwa tena kisigino akiwa na umri wa wiki chache, ili tone la damu likaushwe kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Kwa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, michomo hiyo haihesabiwi kwa siku bali kwa saa, hasa pale kiwango cha sukari katika damu kinapotakiwa kufuatiliwa. Suala linalostahili kupimwa ni kama myeyusho wa sukari unaodondoshwa mdomoni kabla ya mchomo uwe sehemu ya kawaida ya huduma hiyo, na kama jibu ni ndiyo, utolewe kiasi gani na wakati gani.

Kwa muda mrefu suala hili halikuulizwa kabisa, kwa sababu matabibu wengi waliamini kwamba mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga haijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu kama mtu mzima. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1987, Anand na Hickey walipochapisha mapitio yaliyoonyesha kwamba njia za maumivu huwa zimekwisha kujengeka kabla ya kuzaliwa, na kwamba mwili wa mchanga huyajibu maumivu kwa mapigo ya moyo, homoni na sura ya uso. Miaka minne baadaye, mwaka 1991, Blass na Hoffmeyer walionyesha kwamba wachanga waliopewa mililita 2 za maji yenye sukari ya asilimia 12 kabla ya kuchomwa kisigino walilia kwa muda mfupi zaidi kuliko waliopewa maji matupu.

Sukari inayozungumziwa ni sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya mezani, na kipimo kinachotumika zaidi hospitalini ni myeyusho wa asilimia 24, maana yake gramu 24 za sukari katika kila mililita 100. Jambo la msingi la kufahamu ni kwamba nguvu yake haiko tumboni bali kwenye ulimi. Utamu unapogusa ulimi, ubongo wa mtoto huaminika kuachia kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, ambazo hufanya kazi kwa njia inayofanana na ya mofini; na ndiyo sababu sukari iliyopitishwa kwenye mpira unaoingia tumboni kupitia puani haikuleta nafuu, ilhali ile ile ikiwekwa mdomoni ilileta. Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili yanayotawala matumizi yake yote: kiasi kikubwa hakihitajiki, lakini muda unahitajika.

Kuhusu kiasi, jaribio lililofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 liliwagawa wachanga kwa bahati nasibu katika makundi matatu, yaliyopewa mililita 0.1, mililita 0.5 au mililita 1 ya myeyusho wa asilimia 24 takriban dakika mbili kabla ya kuchomwa kisigino, na halikuona tofauti ya maana ya maumivu baina ya makundi hayo. Mililita 0.1 ni takriban matone mawili, yenye miligramu 24 tu za sukari. Miongozo mingi huruhusu hadi mililita 2 kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, lakini ushahidi huo unaonyesha kwamba mhudumu anayeongeza matone kwa kudhani anaongeza nafuu huongeza sukari tu.

Kuhusu muda, nafuu hufikia kilele takriban dakika mbili baada ya utamu kugusa ulimi, kisha hupungua ndani ya dakika chache zinazofuata. Hapa ndipo utaratibu mzuri unapoharibikia. Muuguzi mwenye foleni ndefu hudondosha sukari na kuchoma papo hapo, mtoto analia, na hitimisho linalofikiwa wodini ni kwamba sukari haifai, ingawa kilichokosekana ni dakika mbili za kusubiri. Kosa la pili ni kusahau kwamba katika kisigino maumivu hayaishii kwenye mchomo, kwa kuwa kukamua damu ili itoshe huweza kuchukua muda mrefu kuliko mchomo wenyewe. Kwa hiyo dozi moja iliyotolewa mapema huweza kuwa imekwisha nguvu wakati kazi ingali inaendelea.

Mfano wa kufikirika utaonyesha jinsi mambo haya yanavyokwenda pamoja. Achukuliwe njiti wa kilo 1.5 aliyezaliwa kwa upasuaji katika wiki ya 32, ambaye mama yake bado yuko wodi nyingine akipata nafuu, na ambaye anatakiwa kupimwa sukari ya damu kila baada ya saa chache. Muuguzi huvuta mililita 0.2 za myeyusho kwa bomba dogo lisilo na sindano, humfunga mtoto kwa kitenge huku mikono yake ikiwa karibu na uso, huhakikisha kwamba anameza, kisha hudondosha mililita 0.1 kwenye ncha ya ulimi na kumpa chuchu bandia au kidole chenye glavu safi anyonye, kwa kuwa kunyonya na utamu vikienda pamoja hutuliza zaidi kuliko kimoja peke yake. Huitazama saa. Dakika mbili zikitimia, huchoma upande wa kisigino, si katikati ambako mfupa uko karibu, na damu ikichelewa, hutoa ile mililita 0.1 iliyobaki badala ya kuendelea kukamua mtoto akiwa hana kinga.

Katika mfano huo imo hatari moja ambayo haionekani kwa macho. Tone la sukari likibaki kwenye kidole cha muuguzi na kugusa kisigino, kijiti cha kupimia huweza kusoma sukari ile ya nje na kutoa jibu la juu kuliko ukweli, hata mtoto ambaye sukari yake imeshuka kwa kiwango cha hatari akaonekana mzima. Matone mawili yaliyoingia mdomoni ni machache mno kubadilisha damu, lakini tone moja lililo juu ya ngozi latosha kupotosha kipimo. Kwa hiyo mhudumu hubadilisha glavu na kusafisha kisigino baada ya kutoa sukari, na jibu lisilolingana na hali ya mtoto hurudiwa kwa ngozi iliyooshwa na kukaushwa.

Je, ushahidi unatosha kuufanya utaratibu huu kuwa wa kawaida? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyokusanya tafiti 74 zenye wachanga zaidi ya 7,000, yalihitimisha kwamba sukrosi hupunguza maumivu ya kuchomwa kisigino, kutolewa damu kwenye mshipa na kuchomwa sindano ya msuli. Nafuu hiyo hupimwa kwa alama zinazokusanya mapigo ya moyo, oksijeni katika damu, kukunja paji la uso, kubana macho na mikunjo ya pembeni mwa pua. Hata hivyo, mwaka 2010 Slater na wenzake jijini London waliweka vipimo vya mawimbi ya umeme kwenye vichwa vya wachanga 59 na kuona kwamba sukari ilituliza uso bila kupunguza mwitikio wa ubongo kwa mchomo. Wapo wanaotumia matokeo hayo kudai kwamba sukari humnyamazisha mtoto tu huku akiendelea kuumia.

Pingamizi hilo ni zito na halistahili kupuuzwa, lakini halitoshi kuiangusha hoja. Wimbi moja la ubongo huonyesha kwamba taarifa ya mchomo imefika. Halionyeshi peke yake namna mtoto anavyoumia, wala muda anaobaki katika dhiki baada ya mchomo. Linachothibitisha ni mpaka wa matumizi: sukari ni kwa ajili ya maumivu mafupi na madogo, na kamwe haichukui nafasi ya dawa halisi katika upasuaji, kuingiza mpira kifuani au maumivu yanayodumu.

Pingamizi la pili linahusu wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Johnston na wenzake, kwa njiti wa chini ya wiki 31, uliona kwamba kati ya waliopewa sukrosi, waliopata dozi nyingi zaidi katika wiki ya kwanza walikuwa na alama za chini za mwendo na usikivu walipopimwa baadaye. Huenda waliopewa dozi nyingi ndio waliokuwa wagonjwa zaidi, lakini tahadhari inabaki palepale: kila dozi iandikwe kwenye karatasi ya dawa kwa saa na kiasi chake, na michomo inayoweza kuunganishwa iunganishwe, kwa kuwa mchomo usiofanyika hauhitaji kutulizwa. Mtoto asiyeweza kumeza, anayeshukiwa kuoza utumbo au mwenye kasoro ya kuzaliwa ya kutovumilia fruktosi, ambayo ni nusu ya sukrosi, hapewi. Asali haitumiki kamwe kama mbadala, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vya botulizimu vinavyolegeza misuli ya mchanga.

Linabaki suala la mahali. Chupa ndogo zilizotayarishwa kiwandani hazipatikani katika kila zahanati, na sukari iliyokorogwa jikoni kwa maji yasiyo salama huweza kumletea mtoto ugonjwa mkubwa kuliko maumivu yaliyokusudiwa kutulizwa. Lakini wodi nyingi huwa na glukosi ya asilimia 50 ya kuongezwa mshipani, na sehemu moja ya hiyo ikichanganywa na sehemu moja ya maji safi ya sindano hutoa myeyusho wa asilimia 25. Tafiti zimeonyesha kwamba glukosi ya asilimia 20 hadi 30 nayo hutuliza wachanga wanapochomwa. Na iliyo bora kuliko zote haihitaji kutayarishwa, kwa maana kunyonya titi kabla kidogo na wakati wa mchomo hutuliza sawa na myeyusho mzito wa sukari, huku kukimpa mtoto ngozi, joto na harufu ya mama yake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama amnyonyeshe mtoto wakati wa chanjo au muda mfupi kabla yake.

Uamuzi unaotokana na uzani huu ni kwamba mpangilio unapaswa kuanza na titi: mama akiwapo na mtoto akiweza kunyonya, anyonyeshe, na muuguzi asimwambie asubiri nje. Mama asipokuwapo au mtoto asipoweza kunyonya, ndipo matone mawili yatumike, yaandikwe kama dawa na yafuatwe na dakika mbili kamili. Wizara za afya zenye dhamana ya miongozo ya watoto wachanga ziuandike utaratibu huo kwa kiasi, saa na mipaka yake, na mzazi anayempeleka mwanawe kuchomwa ana haki ya kuuliza mapema kama anaweza kumnyonyesha wakati sindano inapoingia.