Rekteri haongezi kote: chuo kikuu kiwaonyeshe wazazi mlango wa malalamiko

LUKAFU, Haut-Katanga – Kila mara matokeo ya mitihani yanapobandikwa Lubumbashi, maneno yale yale yanasikika katika familia: tafuteni mtu anayemjua rekteri. Mzazi aliyekimbia vita, aliyelipa minervali kwa kuuza mbuzi na mihogo, anatoa tena pesa ya mwisho kumpa mtu wa katikati. Pesa hiyo inanunua moshi, kwa sababu rekteri si yeye anayeamua mtoto amepita ao ameanguka.

Makosa haya yana mzizi wake. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, na kila jambo kubwa likaamuliwa Kinshasa. Mwaka 1981 kiligawanywa tena, na Lubumbashi ikapata chuo chake, UNILU. Lakini hata leo rekteri anateuliwa na Rais wa Jamhuri, na kwa hiyo watu wanaamini kila kitu kinashuka kutoka juu. Katika mambo ya masomo njia ni ya kinyume: inaanzia chini.

Departema ndiyo inapanga masomo na kupendekeza nani afundishe nini. Baraza la fakulte, likiongozwa na doyeni, linapitia mapendekezo hayo. Komite ya usimamizi, yenye rekteri na masekretari jenerali pamoja na msimamizi wa bajeti, inaendesha chuo kila siku. Juu yake kuna Baraza la Chuo Kikuu, ambalo nchi nyingine zinaita seneti; hilo linaangalia mwelekeo wa chuo kizima, si kote za mtoto mmoja.

Kote ziko mikononi mwa juri. Kila promosyo ina juri yake, ni kusema walimu wa promosyo hiyo pamoja na presidenti wao na sekretari wao. Wanakaa, wanajumlisha, wanaamua. Mkubwa wa juu anaweza kudai kikao kirudiwe kama utaratibu ulivunjwa, lakini kuongeza kote kwa kalamu yake si kazi yake.

Tuseme binti wa Lukafu alifanya mtihani, na kwenye orodha nafasi ya somo lile iko tupu. Huo si uamuzi juu ya akili yake. Mara nyingi ni fishi ya mwalimu iliyochelewa, ao namba iliyonakiliwa vibaya. Anapaswa kuandika barua kwa presidenti wa juri kupitia sekretari, na kopi kwa doyeni. Barua itaje jina lake, promosyo, somo na siku ya mtihani, na iombe jambo moja tu: fishi ya mwalimu ilinganishwe na orodha ya juri. Aandike mbili, na moja irudi kwake ikiwa na muhuri na tarehe. Bila muhuri, kesho ataambiwa hakuna barua iliyofika.

Juri ikinyamaza, anapanda kwa doyeni, halafu kwa sekretari jenerali wa masomo, halafu kwa rekteri, na mwisho kwa wizara. Kila ngazi itamuuliza karatasi ya ngazi ya chini. Anayeruka moja kwa moja mpaka juu anarudishwa, na siku zake zinaisha. Lakini njia hii ina mpaka: inasahihisha hesabu na utaratibu, na ni vigumu sana ibadilishe namna mwalimu alivyopima jibu. Na kama mwalimu mwenyewe anaomba pesa ao mwili, hilo si jambo la kote tena. Ni kosa la jinai, na mlango wake ni parke.

Hapa ndipo chuo kinapaswa kulaumiwa. Watetezi wake watasema kila kitu kiko kwenye valvu. Lakini valvu ya Lubumbashi haisomeki Lukafu. Siku za kuleta lalamiko ni chache, na zinahesabiwa tangu matokeo yabandikwe, si tangu mzazi apate habari. Mtoto ambaye wazazi wake wana nyumba karibu na chuo anafika asubuhi ile ile. Mtoto wa wakimbizi wa ndani anatafuta kwanza pesa ya gari. Sheria ni moja, lakini haki si moja.

Kurekebisha hakuhitaji pesa ya Kinshasa. Kila fakulte itangaze, mbele ya mitihani, majina ya presidenti na sekretari wa kila juri, mlango wa ofisi yao, na siku ya mwisho ya malalamiko. Tangazo lisomwe pia kwenye redio. Ipokee barua iliyoletwa na ndugu, na ijibu kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana. Fakulte inayokataa jambo dogo hivi inawaachia wauza moshi soko lao, na wanaolipa ni wale wasio na kitu.