Sahihi Hutangulia Bei

Kila inaposikika hapa Kisii au Nyamira kwamba kampuni fulani yataka kuwauzia raia hisa zake, watu aghalabu huuliza bei. Nami naona swali linalotangulia bei ni hili: ni nani watakaotia sahihi katika waraka wa toleo, na wamekwisha kukagua nini kabla ya kushika kalamu?

Tutwae mfano wa kubuni, kampuni ya malori ya ndugu saba mjini Kisii, ibebayo majani ya chai. Madhali ni kampuni ya binafsi, Sheria ya Makampuni ya 2015 yaifunga isizidi wanachama 50, isiwaalike raia kununua, na hisa zake zisihamishwe ovyo. Hivyo ndugu hao hawana budi kupitisha azimio la kuigeuza kuwa ya umma na kuifuta katika katiba yao haki ya kumkataa mnunuzi wasiyemtaka. Sokoni hisa humwendea yeyote aliyeilipia, na si kila mzee wa ukoo atakayeliridhia hilo.

Kisha bodi yenyewe hujengwa upya. Kanuni za uongozi za 2015 zataka theluthi ya wakurugenzi, kwa uchache, wawe huru, na mwenyekiti asiwe ndiye mtendaji mkuu. Faida yake huonekana hesabu zifunguliwapo: tuseme uwanja wanamolala malori ni mali ya mwenyekiti, na kodi hulipwa kwa maneno matupu. Mkurugenzi huru atataka mkataba ulioandikwa, atauliza kama kodi ni ya haki, na ataamuru jambo hilo libainishwe katika waraka, kwani mkurugenzi aliyeidhinisha waraka wenye uongo aweza kudaiwa fidia na mnunuzi aliyepata hasara. Idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji haimwondolei dhamana hiyo, wala si ushahidi kwamba biashara ni njema.

Limebaki la wakati, nalo wengi hulipuuza. Benki ya Ushirika, iliyogeuka kampuni mwaka 2008, ilivikusanya vyama vya ushirika katika chombo kimoja kilichoshika hisa nyingi, ili mamlaka yasiviponyoke. Ndipo ikatoa hisa takriban milioni 701 kwa shilingi 9.50. Ilitafuta kama bilioni 6.7, ikapata kama bilioni 5.4, kwani raia walikuwa wametoka kununua Safaricom mwaka huo huo, na bei yake ilikuwa imeshuka.

Kwa sababu hiyo nasema bodi iamue kabla ya mlango kufunguliwa ni kiasi gani kikipungua toleo livunjwe na fedha zirudishwe, na iliandike waziwazi. Nawe msomaji, upewapo waraka, anza na kurasa za miamala ya wakurugenzi na kampuni yao. Usipoziona, fedha yako na ibaki chamani.