Usitupe tembe zako juu ya video ya dakika 10

Sikizeni. Wiki jana msichana mmoja alinitumia ujumbe inboksi. Ameacha tembe zake za depresheni siku 9 sasa, ghafla tu, bila kumwambia daktari. Sababu? Aliona video ya jamaa fulani mwenye tiki ya bluu akisema ukikaa kimya na kupumua dakika 10 kila asubuhi, dawa hauhitaji. Sasa alikuwa ananiuliza kwa nini kichwa kinazunguka na usingizi umepotea. Nilimwambia apigie kliniki yake simu siku hiyo hiyo. Halafu nikakasirika, ndio maana naandika.

Kinachoniuma ni kwamba kile kitu jamaa anauza ni kitu cha kweli. Kinaitwa maindfulnesi. Mimi nitakiita umakinifu, ulimi upumzike. Kimepimwa na watafiti, na kinasaidia watu fulani, kwa kazi fulani, wakati fulani. Huyo jamaa ameruka hayo yote matatu.

Wengi wenu mnajua stori yangu. Depresheni ilinipata mara ya kwanza nikiwa fomu tatu, ikarudi nikiwa mwaka wa kwanza wa chuo, ikarudi tena mwaka wa pili, na hiyo ya tatu ndiyo ilinirudisha nyumbani Kibirichia bila digrii. Siku hizi natengeneza video, na zikikosa kulipa nachambua viazi na mamangu. Kwa hivyo swali la kuzuia hii kitu isirudi si swali la mtihani kwangu.

Kuna kitu kuhusu kurudi ambacho hakuna mtu alinieleza mapema. Mara ya kwanza, depresheni huja mara nyingi na sababu kubwa. Mtu amekufa, karo imekosa, umeachwa. Lakini kila ikikupata tena, inahitaji sababu ndogo zaidi. Akili inajifunza njia, kama vile maji ya mvua yanavyochimba mtaro shambani. Mara ya kwanza yanatawanyika kote, mara ya nne yanajua yanapita wapi. Siku moja unaamka tu na huzuni kidogo, ile mtu yeyote huwa nayo Jumatatu, na hiyo huzuni inafungua faili nzima ya zamani: mimi ni hasara, mimi ni mzigo, hii haitaisha. Kisha unaanza kutafuna hayo mawazo ukidhani unatatua shida. Shosho yangu huita hiyo hali "mawazo mengi", na hajakosea. Kule kutafuna ndiko kunakuteremsha.

Watafiti watatu, Zindel Segal wa Toronto, Mark Williams aliyekuwa Bangor kule Welisi, na John Teasdale wa Kembriji, walishika hapo miaka ya tisini. Walijiuliza: tukimpata mtu akiwa amepona, tunaweza kumfundisha kuona huo mtaro kabla maji hayajajaa? Walienda kuangalia kliniki ya Jon Kabat-Zinn huko Masachusetsi, ambaye tangu 1979 alikuwa anafundisha wagonjwa wa maumivu sugu na msongo kutumia umakinifu. Asili ya mazoezi hayo ni dini ya Kibudha, hiyo siwafichi, lakini darasani hakuna kuomba wala kuabudu mtu. Wakaunganisha mazoezi hayo na tiba ya mazungumzo ya depresheni, wakatoa kozi ya wiki 8.

Hiyo kozi si mchezo. Mnakutana mara moja kwa wiki, kama masaa mawili, kikundi kidogo na mwalimu aliyefunzwa. Halafu kuna zoezi la nyumbani siku 6 kwa wiki, karibu lisaa kila siku. Wiki ya kwanza unapewa zabibu moja kavu, unaila polepole mpaka unaboeka, ndipo unagundua maisha yako yote umekuwa ukila bila kuwa hapo. Baadaye unalala chini na kupitisha umakini mwilini, kutoka vidole vya mguu hadi kichwani. Akili inatoroka. Unaona imetoroka, unaona imeenda wapi, unairudisha bila kujitukana. Inatoroka tena, unairudisha tena.

Wasee wengi hapo ndipo wanakosea. Wanadhani lengo ni kufanya akili iwe tupu, au kutulia. Hapana. Zoezi ni kule kugundua na kurudisha. Akili ikitoroka mara 40, umefanya zoezi mara 40. Kinachofundishwa ni kuona wazo likija na kujua "hili ni wazo", kabla hujalipanda kama matatu bila kuuliza linaenda wapi.

Wacha niwape mfano wa juzi. Tuko kwa stoo na mathe, tunatenga viazi vikubwa na vidogo. Broka amepiga simu na bei ya matusi. Nafungua simu kujipoza, naona stetasi: watu wa darasa langu wamevaa majoho, wanarusha kofia. Sekunde moja tu. Tumbo likakaza, taya likauma, na nikasikia ile sentensi ya zamani: "Wewe ni hasara. Ulimalizia mathe pesa."

Kitambo ningekaa na hiyo sentensi mpaka saa tisa usiku nikiijibu. Siku hiyo nilikaa juu ya gunia nikafanya lile zoezi fupi la kozi, linaloitwa nafasi ya kupumua, dakika 3 hivi. Kwanza unauliza kuna nini hapa sasa, na unataja: wazo la kuwa hasara, huzuni, aibu, tumbo gumu. Huvibishii, unaviona tu. Pili, unaleta umakini wote kwa pumzi, mahali pamoja, pale tumbo linapopanda na kushuka. Tatu, unaupanua tena uwe mwili wote, mabega, uso, mikono yenye udongo. Halafu unachagua cha kufanya. Mimi niliweka simu mfukoni nikamaliza gunia.

Sikilizeni hii sehemu: huzuni haikuondoka. Nilimaliza gunia nikiwa na huzuni. Ukijipata unapumua huku unapima kila sekunde kama wazo limetoka, ujue umegeuza zoezi kuwa vita ingine na hilo wazo, na bado unalitafuna, sema tu umefumba macho. Tofauti ni kwamba siku hiyo huzuni ilibaki huzuni. Haikufungua faili.

Sasa ushahidi. Jaribio la kwanza lilitoka mwaka 2000. Watu 145, wote walikuwa wamepona lakini wamewahi kuwa na depresheni zaidi ya mara moja. Nusu walipata kozi juu ya matibabu yao ya kawaida, nusu wakabaki na matibabu ya kawaida pekee, kisha wakafuatiliwa zaidi ya mwaka. Kati ya waliowahi kupatwa mara 3 au zaidi, ilirudi kwa asilimia 66 ya wasiopata kozi, na asilimia 37 ya waliopata. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini kwa waliopatwa mara 2 tu, kozi haikuonyesha kusaidia. Jaribio lao la 2004 likaonyesha hivyo hivyo. Walivyoelewa wao, hawa wa mara 2 mara nyingi hurudiwa kwa sababu ya pigo la maisha kutoka nje, na kupumua hakulipi karo. Wa mara 3 ndio wenye ule mtaro.

Mwaka 2016 majaribio 9 yaliunganishwa, watu 1,258. Ndani ya wiki 60, ilirudi kwa watu 38 kati ya 100 waliofanya kozi, na 49 kati ya 100 wasiofanya. Inasaidia, ndio. Lakini angalia hiyo 38 vizuri. Hao walipewa kozi na bado ikarudi.

Na tembe? Mwaka 2015 huko Uingereza watu 424 waliokuwa wanameza tembe waligawanywa. Wengine waliendelea nazo, wengine wakafanya kozi huku wakipunguza tembe polepole na daktari akijua. Baada ya miaka 2 ilirudi kwa asilimia 44 ya wa kozi na asilimia 47 ya wa tembe, yaani karibu sawa. Watafiti walikuwa wanatarajia kozi ishinde, na haikushinda. Kwa hivyo mtu akikwambia umakinifu unaweza kushika nafasi ya tembe, hajadanganya kabisa. Amesahau tu kutaja kozi ya wiki 8, mwalimu, kupunguza polepole, daktari, na kwamba hao watu walikuwa wamepona. Vitu vidogo hivyo!

Kwa sisi vijana kuna ingine. Uingereza walijaribu kufundisha umakinifu kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 85, wengi wa miaka 11 hadi 13, wazima na wagonjwa pamoja. Matokeo ya 2022 yalionyesha haikuwa bora kuliko masomo ya kawaida ya shule kuhusu hisia, na wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Mimi hapo naelewa tu kwamba huwezi kumwagia kila mtu dawa iliyopimwa kwa wengine.

Na mimi je? Sijafanya kozi yenyewe. Kliniki ninayoenda Meru mjini haina hicho kikundi. Nilichonacho ni mazoezi niliyosoma na kurekodi kwa simu, yaani kipande, na kipande hakijapimwa kama kozi. Nimekaa mwaka na miezi bila kurudiwa. Ni umakinifu? Ni tembe, ambazo bado nameza? Ni kwa sababu nalala saa tatu usiku huku kwa baridi, mbali na deni za chuo? Siwezi kujua. Mtu mmoja hawezi kujilinganisha na yeye mwenyewe aliyefanya kitu kingine, ndio maana wale walihitaji watu 1,258.

Kitu kimoja nilichochukua kwa kozi nzima nzima ni karatasi. Wiki za mwisho unaandika dalili zako za kurudiwa na utafanya nini. Zangu ni tatu: kuamka saa tisa usiku siku nne mfululizo, kuacha kujibu meseji, kuacha kuoga. Nakala moja anayo mathe, kwa sababu nikishaanguka huwa sioni. Chini imeandikwa nambari ya kliniki, si "pumua". Ukiwa tayari uko chini, huwezi kumaliza sentensi moja au unafikiria kufa, huo si wakati wa kuanza kujifunza kukaa na mawazo yako. Mwambie mtu leo, aende na wewe hospitali.

Yule msichana alienda Jumanne. Amerudishiwa tembe na atapanga na daktari kuhusu kupunguza, huko mbele, kama itafaa. Jamaa wa tiki ya bluu nilimwachia komenti nikimuuliza video yake ilipimwa kwa watu wangapi. Ameifuta.