Maoni Yetu: Dakika anazo, makali hana

Mwanafunzi wa gredi ya 9 atakutajia herufi nne za FITT bila kusita: mara ngapi kwa wiki, makali kiasi gani, kwa muda gani na zoezi la aina gani. Mwambie ajiandikie ratiba yake, naye atanakili: kuogelea Jumatatu, baiskeli Jumatano. Anaishi Gatwekera, Kibera. Bwawa liko wapi, na baiskeli ni ya nani?

Tunaona kosa linaanzia kwenye karatasi tupu anayopewa, kana kwamba wiki yake nayo ni tupu. Aanze kwa kuandika anachofanya tayari.

Tuchukue msichana wa miaka 15 anayetembea nusu saa kwenda shule na nusu saa kurudi. Kwa siku tano hizo ni dakika 300. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku, yaani 420 kwa wiki. Ukitazama saa peke yake, msichana huyu hayuko mbali. Ila dakika zinazohesabiwa ni zile zinazouchosha mwili angalau kiasi, na matembezi yake ni ya kupiga soga na wenzake.

Apime. Akifika karibu na reli, asimame, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa nne. Tuseme amepata 26, yaani 104 kwa dakika. Kanuni ya darasani ni 220 toa umri. Kwake ni 205, na zoezi la wastani ni kama asilimia 65 hadi 75 ya hapo: mapigo 33 hadi 38 kwa sekunde 15. Bado yuko chini. Kanuni hiyo ni ya kukisia na inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi, kwa hiyo aishike pamoja na kipimo kingine kisichohitaji saa: akiweza kuimba, anatembea polepole mno, akiweza kusema sentensi lakini wimbo ukamshinda, hapo ndipo, akitoa neno mojamoja, amezidisha.

Dawa yake basi si kuongeza muda, maana jioni kuna maji ya kuteka na giza linaingia mapema. Abadilishe makali tu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akirudi nyumbani, atembee mbiombio dakika tatu na polepole dakika mbili, arudie mara sita. Nusu saa ni ileile. Jumanne na Alhamisi afanye dakika 15 za nguvu: kuchuchumaa na kuinuka mara kumi, pushapu nane mikono ikiwa ukutani, na kuvuta mtungi wenye lita tano za maji hadi ubavuni mara kumi kila mkono, apumzike kidogo, kisha arudie yote. Mtungi ni chombo kizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na uzito unaongezwa kwa kikombe. Jumamosi aruke kamba au acheze mpira Kamukunji. Jumapili apumzike.

Baada ya wiki mbili apime tena mahali palepale. Mwendo uleule ukimpa mapigo machache, aongeze herufi moja tu: dakika nne za mbiombio badala ya tatu, au lita moja zaidi. Akiongeza mbili kwa pamoja na mguu ukauma, hatajua kilichomuumiza ni kipi. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida. Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi kila akikimbia, si kawaida. Aache na amwambie mwalimu.

Mvulana wa Kawangware anayesakata kabumbu jioni sita kwa wiki hapaswi kupewa ratiba hii. Makali anayo tele. Akianza kuumwa kwenye kinundu kilicho chini ya goti, jambo la kawaida kwa kijana anayerefuka, apunguze mara: jioni nne za mpira, na mbili za mikono na kiwiliwili.

Kuna safu moja zaidi ambayo haimo kwenye herufi hizo nne, nasi tungeiongeza pembeni mwa ukurasa: amekula nini. Siku ambayo chakula cha mchana hakikupatikana, siku ya mbiombio ihamishwe kesho yake, arudi nyumbani kwa mwendo wa soga.