Anko, rudisha chupa ya Shosho

Wasee, kwetu chupa ya mofini ilifichwa, eti Shosho atakuwa mraibu. Saratani imefika kwenye mifupa, lakini alikuwa anapewa dawa akilia tu. Hapo ndipo tulikosea. Mofini ya maji hufanya kazi kama masaa 4, kwa hivyo ukingoja alie, umeshachelewa. Nesi alituandikia: saa 12 asubuhi, 4, 8, 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mara mbili ndio alale mpaka asubuhi. Dawa ya kulainisha choo ikaanza siku hiyo hiyo, juu mofini hufunga choo na mwili hauzoei hilo. Mraibu hutafuta dawa hata ikimharibia maisha. Shosho anatafuta usingizi tu.