Kima cha chini cha mshahara: bodi inapima nini, na daftari lako liko wapi?

Kila amri mpya ya mshahara ikitoka, vijana kutoka Umalila hadi Kilolo wananiuliza: "Afisa, hivi hao wa Dodoma wanajua bei ya viazi kweli?" Jibu langu ni kwamba wanajua wanachopelekewa.

Kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, Waziri huunda bodi ya mshahara yenye wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Bodi huchunguza sekta, hupokea maoni, kisha humpelekea Waziri mapendekezo, naye hutoa amri kwenye Gazeti la Serikali. Sheria inaitaka bodi itazame gharama za maisha na kupunguza umaskini, lakini pia uwezo wa mwajiri kuendelea na biashara, wakiwemo wadogo na wanaoanza. Yaani wewe.

Upande wa maisha una takwimu. Amri ya 2013 iliweka Sh 100,000 kwa mwezi kwa kilimo, na ya 2022 ikapandisha hadi Sh 140,000. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: 140,000 haifikishi watu wazima watatu, tena kwa bei za wakati ule. Anayesema ni hela nyingi anabishana na hesabu. Mimi kinachonikera ni kukaa miaka tisa halafu kuruka asilimia 40 kwa mkupuo. Heri kupanda kidogo kidogo.

Upande wetu ndio mwembamba. Shamba kubwa la chai Mufindi lina kumbukumbu za malipo. Wewe unalipa palizi kwa ekari, basi, imeisha. Kwa hiyo hata hujui uko juu au chini ya sheria.

Tujaribu kwa kiwango cha 2022. Mwezi ni saa 195, hivyo 140,000 ni kama Sh 718 kwa saa. Tuseme ekari ya viazi unalipa palizi Sh 40,000, na vibarua wanne wanamaliza kwa siku mbili. Wakifanya saa tano na kuondoka mchana, ni saa 40, sawa na Sh 1,000 kwa saa: uko salama. Majani yakiwa mengi wakakaa saa saba na nusu, ni saa 60, sawa na Sh 667: umeshuka chini. Malipo ni yaleyale. Kilichobadilika ni saa, na hukuziandika.

Amri mpya imeanza Januari 1, 2026. Ule wastani wa Sh 358,322 uliotangazwa ni wa sekta binafsi kwa jumla, si wa shamba, kwa hiyo soma mstari wa kilimo kwenye jedwali. Na bodi ijayo ikiita maoni, peleka ya maandishi: saa za kazi kwa ekari, magunia uliyovuna, bei uliyouzia shambani.