MWAKA UPI WA BURTON?

Siku ya wazazi muhula huu chama chetu cha historia kilibandika ukutani insha tano juu ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo na Tabora mpaka Ujiji. Mzee mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake alisimama kitambo mbele ya insha ya pili, akaisoma yote kwa miwani yake, kisha akamwuliza mwenzetu aliyeiandika, "Mjukuu wangu, kwani huyu Tippu Tip alikuwa hai tulipopata Uhuru?"

Watu walicheka, lakini mzee hakukosea kusoma. Insha ilisema kwamba Burton (1961) na Tippu Tip (1966) wote wawili wanashuhudia biashara ya pembe iliyokuwa Tabora, na mbele kidogo ikasema kwamba Tippu Tip, "akiandika miaka mitano baadaye", anazieleza habari hizo kwa undani zaidi. Burton alikufa mwaka 1890. Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905. Kwa kufuata miaka ya kwenye mabano, mwenzetu amewafufua wote wawili, akawaweka katika miaka ya Uhuru, na umbali wa kweli wa miaka 42 kati ya vitabu vyao akaufanya mitano.

Ndugu wasomaji, wapo wanaosema kwamba miaka hii ya kwenye mabano ni pambo tu la kumpendeza mwalimu. Mimi naona sivyo. Katika insha ya historia mwaka ule ni sehemu ya ushahidi, kwani humwambia msomaji nani alisema kwanza, na nani aliweza kumsoma mwenziwe kabla ya kushika kalamu. Basi nataka kueleza jinsi ninavyoona yafaa kufanya, na kitabu cha Burton kitatutosha kwa sehemu kubwa.

Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, akapokewa vizuri na Snay bin Amir. Habari za safari hiyo alizitoa London mwaka 1860 katika kitabu chenye juzuu mbili kiitwacho The Lake Regions of Central Africa. Zaidi ya miaka mia ikapita, na mwaka 1961 Horizon Press ya New York ikakipiga chapa tena, juzuu mbili vilevile, ikaongeza utangulizi wa Alan Moorehead. Tazama basi: kuna mwaka wa tendo, 1857, kuna mwaka wa maneno kutoka mara ya kwanza, 1860, na kuna mwaka wa kitabu kilicho mkononi mwako, 1961. Mwaka wa tendo hukaa katika sentensi yako kama habari nyingine yoyote, wala hauingii kwenye mabano. Ugomvi uko kati ya ile miwili iliyobaki.

Wengine hupenda kuandika 1860 peke yake, kwa kuwa ndio mwaka wa Burton mwenyewe. Ubaya wake ni kurasa. Kitabu kinapochapwa upya, mara nyingine kurasa za zamani hupigwa picha zikabaki zilivyo, na mara nyingine herufi hupangwa upya, na hapo namba za kurasa huhama. Ukiandika 1860 kisha ukatoa namba ya ukurasa kutoka kitabu kingine, msomaji mwenye chapa ya kwanza atafungua ukurasa huo na pengine asikute neno lako. Atadhani umebuni. Tena, kusema 1860 ni kudai kwamba umekishika kitabu cha 1860, na sisi wa Igunga hatujakishika.

Wengine huandika 1961 peke yake. Hawa angalau wanasema kweli juu ya kitabu walichosoma, ila ndio wanaofufua wafu.

Kwa hiyo mimi nasema miaka yote miwili iandikwe, wa kwanza mbele, wa kitabu cha mkononi nyuma, na mstari wa mshazari katikati: (Burton 1860/1961). Mwaka wa mbele humwambia msomaji lini maneno yalisemwa, na mwaka wa nyuma humwambia kitabu kipi akifungue. Wapo wanaoweka mwaka wa kwanza ndani ya mabano ya mraba, nao hawana kosa. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho kanuni zake hufuatwa na vyuo vingi, huandika mshazari ndani ya insha, lakini katika orodha ya vitabu mwishoni huweka 1961 mbele, na ule wa 1860 huuweka mwisho wa maelezo kama kumbukumbu. Kwa wanafunzi kama sisi napendelea kwamba na katika orodha kichwa kiwe "Burton, R. F. 1860/1961", neno kwa neno kama ndani ya insha, maana jicho la msomaji hutafuta umbo lile lile alilotoka kuliona.

Na hapa ndipo insha nyingi zinapoharibika. Mwandishi huanza ukurasa wa kwanza kwa (Burton 1860/1961), ukurasa wa tatu amechoka anaandika (Burton 1860), ukurasa wa tano (Burton 1961), na mwishoni orodha ina Burton mmoja tu. Msomaji mgeni atahesabu vitabu vitatu, kisha atafute viwili ambavyo havipo. Dawa yake haichukui hata robo saa. Insha ikiisha, chukua karatasi, pitia kila mabano uandike jina na mwaka kama ulivyoviandika, kisha linganisha na orodha. Kila umbo la kwenye karatasi liwe na mwenzake mmoja katika orodha, na kila kitabu cha orodha kiwe kimetajwa angalau mara moja ndani. Umbo lisilo na mwenzake ndilo lenye kasoro. Katika insha ile ya ukutani miaka ililingana vizuri sana na orodha. Nalisema hili ili ijulikane kwamba kulinganisha peke yake hakutoshi, lazima mwaka uwe wa kweli kwanza.

Sasa juzuu. Katika kitabu cha Burton kila juzuu huanza na ukurasa wake wa 1, hivyo "uk. 40" ni kurasa mbili tofauti. Katika ukurasa wa 40 wa juzuu ya kwanza Burton bado yuko huku pwani. Katika ukurasa wa 40 wa juzuu ya pili amekaribia kuliona ziwa Tanganyika, aliloliona tarehe 13 Februari 1858. Kati ya kurasa hizo mbili iko nchi yetu nzima ya Unyamwezi. Basi andika (Burton 1860/1961, juz. 2, uk. 40), na katika orodha utaje kitabu mara moja tu kwa kusema kina juzuu mbili. Usikigawe kuwa vitabu viwili, ukaita kimoja 1860a na kingine 1860b. Herufi hizo ni za mtu aliyetoa vitabu viwili mbalimbali katika mwaka mmoja, na hapa kitabu ni kimoja.

Lakini utangulizi ni jambo jingine. Ukichukua maneno ya Moorehead mwanzoni mwa kitabu kile, hayo yaliandikwa kwa ajili ya chapa ya 1961, na Burton hakuyajua. Huyo ni (Moorehead 1961), mwaka mmoja bila mshazari, naye apewe nafasi yake katika orodha. Anayesahau hili humtia Burton mdomoni maoni ya mtu aliyeishi karne nyingine, na kosa hilo ni kubwa kuliko la mwaka.

Tippu Tip ana shida yake mwenyewe. Maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa sehemu mbili katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley akayatafsiri kwa Kiingereza, yakatoka kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959, na mwaka 1966 yakapigwa chapa tena kama kitabu. Miaka mitano yote hiyo ni ya maandishi yale yale, na mwanafunzi aweza kuchanganyikiwa. Kanuni ninayoishika ni kuuliza: maneno ninayoyanukuu yalichapwa lini kwa mara ya kwanza? Nikinukuu Kiswahili cha Tippu Tip mwenyewe, ni 1902–1903, kwa hiyo (Tippu Tip 1902–1903/1966). Nikinukuu Kiingereza cha Whiteley, maneno hayo hayakuwapo kabla ya 1958, basi mwaka wa mbele ni 1958–1959. Miaka miwili iliyounganishwa kwa kistari huonyesha kazi iliyotoka kwa mafungu, na mshazari huonyesha kuchapwa tena. Alama hizo mbili zisibadilishane kazi.

Kuna mahali ambapo mshazari hautakiwi kabisa, nako ni toleo lililosahihishwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na toleo la pili mwaka 2004. Toleo la pili si kamusi ile ile iliyopigwa chapa tena. Wahariri waliipitia, wakaongeza na kurekebisha. Ukiandika 1981/2004 unamwambia msomaji kwamba maana uliyonukuu ilikuwapo tangu 1981, na pengine haikuwapo. Andika 2004 tu, na katika orodha useme "toleo la pili". Tena, mchapaji akilirudia toleo hilo hilo katika miaka ya baadaye kwa sababu nakala zimekwisha dukani, usiifuate miaka hiyo, maana kilichoongezeka ni nakala, maneno ni yale yale.

Yote haya husomwa mahali pamoja, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazitazami. Katika kabati letu la historia ukurasa huo umechanika katika vitabu kadhaa, na ndiyo maana wengine huandika mwaka wowote waliouona kwenye jalada. Naomba chama cha historia kibandike kipande cha karatasi ndani ya jalada la kila kitabu, chenye mwaka wa kwanza, mwaka wa nakala yetu, idadi ya juzuu, na jina la aliyeandika utangulizi. Kwa vile vilivyochanika tumwombe mwalimu wa maktaba atutafutie habari zao. Jumamosi mbili zatosha, nami niko tayari kuanza na rafu ya juu.